Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Auction insights: namba zikibadilika, ni nani aliyesogea?

Maswali haya, kuhusu ripoti inayoonyesha washindani mnaokutana nao kwenye minada ya matangazo, nimeyakusanya kwa watu ninaowasimamia kampeni zao za Google Ads. Mengi hunifikia kwa sura ileile: picha ya skrini, jina la mshindani limezungushiwa duara jekundu, na chini yake maneno mawili, "Huyu vipi?" Nimeyajibu hapa kwa urefu kwa sababu jibu fupi kwa ripoti hii mara nyingi huwa jibu la uongo.

Ripoti yenyewe naipata wapi, na inanionyesha nini?

Ingia kwenye akaunti, fungua "Insights and reports", kisha "Auction insights". Ukitaka kuangalia kampeni fulani tu, kundi moja la matangazo au hata neno moja la utafutaji, liwekee tiki kwenye jedwali lake kwanza, halafu ufungue ripoti kwa yale uliyochagua. Kila mshindani ana mstari wake, ametajwa kwa anwani ya tovuti yake. Mstari wako umeandikwa "You".

Kwa kampeni za utafutaji utakuta safu sita: "Impression share", "Overlap rate", "Position above rate", "Top of page rate", "Abs. Top of page rate" na "Outranking share". Kampeni za Shopping zina tatu tu, yaani ya kwanza, ya pili na ya mwisho. Katika majibu yanayofuata nazungumzia utafutaji.

Asilimia hizi ni asilimia ya nini hasa?

Hili ndilo swali ningependa kila mtu aanze nalo, kwa sababu safu zile zimepangwa pamoja kama ndugu, kumbe kila moja imegawanywa kwa kitu chake.

Chukua mtu anapoandika kitu kwenye Google. Hapo hapo mnada unafanyika. Tangazo lako huenda lilistahili kuingia lakini lisionekane, ama kwa sababu bajeti ilikwisha, ama kwa sababu cheo chake kilikuwa cha chini. "Impression share" yako ni mara ulizoonekana, ukigawanya kwa makadirio ya mara zote ulizostahili kuonekana. "Impression share" ya mshindani nayo inahesabiwa ndani ya minada hiyohiyo yako. Kwa hiyo ukiona ana asilimia 50, usidhani ameshika nusu ya soko. Ameonekana katika nusu ya minada ambayo wewe ulistahili kuwamo. Anachofanya kwingine ripoti hii haikijui.

"Overlap rate" ina msingi mdogo zaidi. Inachukua mara ambazo *wewe umeonekana*, kisha inauliza: katika hizo, ni ngapi yeye naye alikuwepo? Zile ulizokosa hazihesabiwi kabisa.

"Position above rate" inabana zaidi ya hapo. Inachukua mara mlizoonekana *pamoja* tu, na inauliza ni ngapi alikaa juu yako.

"Outranking share" inarudi kwenye msingi mpana wa mwanzo: minada yote uliyostahili. Inahesabu mara ulizokaa juu yake, pamoja na mara ulizoonekana na yeye hakuwepo.

Ukilishika hilo la nani amegawanywa kwa nini, nusu ya maswali yanajijibu yenyewe.

"Overlap rate" ya mshindani wangu imepanda kutoka asilimia 50 hadi 65 ndani ya wiki moja. Ameongeza bajeti?

Huenda. Lakini mara nyingi niliyoichunguza hali hii, aliyesogea ni mwenye akaunti mwenyewe. Hebu tuifanyie hesabu kwa kampeni moja ya mfano. Namba nimeziweka za mviringo ili zifuatike.

| | Wiki ya kwanza | Wiki ya pili |
|---|---|---|
| "Impression share" yako | 60% | 40% |
| "Impression share" ya mshindani | 50% | 50% |
| "Overlap rate" | 50% | 65% |
| "Position above rate" | 40% | 40% |
| "Outranking share" yako juu yake | 48% | 30% |

Mtu akiangalia mstari wa mwisho na ule wa "Overlap rate" anaogopa: mshindani anakutana nasi zaidi, na sisi tunamshinda mara chache zaidi. Anakimbilia kupandisha dau. Sasa tugeuze asilimia ziwe mara.

Tuseme kila wiki ulistahili kuonekana mara 10,000. Namba hii unaipata kwa kugawanya mara ulizoonekana kwa "Impression share" yako. Wiki ya kwanza ulionekana mara 6,000. Nusu yake, yaani 3,000, ulikuwa naye ukurasa mmoja. Yeye kwa jumla alionekana mara 5,000, kwa hiyo mara 2,000 alikuwepo wakati wewe haupo.

Wiki ya pili ulionekana mara 4,000 tu. Asilimia 65 yake ni 2,600. Angalia: asilimia imepanda, lakini mara mlizokutana zimepungua kutoka 3,000 hadi 2,600. Yeye bado ameonekana mara 5,000 zilezile. Tofauti ni kwamba sasa mara 2,400 yupo peke yake bila wewe. Na mnapokutana, anakaa juu yako kwa kiwango kilekile cha asilimia 40. Hakugusa kitu. Wewe ndiye uliyeondoka mahali fulani, na mahali hapo palikuwa zaidi pale ambapo yeye hayupo.

Wapi hasa? Rudi kwenye jedwali la kampeni, ongeza safu za "Search lost IS (budget)" na "Search lost IS (rank)". Katika mfano wetu tuseme ya bajeti imetoka asilimia 8 hadi 30, na ya cheo imetoka 32 hadi 30. Jawabu liko hapo: bajeti. Ukigawa kampeni kwa "Hour of the day" unaweza kukuta tangazo linaonekana vizuri asubuhi, likifika saa nane mchana linafifia, na usiku halipo. Ikiwa mshindani naye anatangaza mchana tu, basi zile saa za usiku ulizopoteza ndizo zilizokuwa zako peke yako. Umebaki na saa za msongamano, na "Overlap rate" lazima ipande.

Saa za mshindani huwezi kuziona moja kwa moja, hilo nakisia kutokana na namba. Lakini hatua ya kuchukua haibadiliki: unashughulikia bajeti au ratiba, na dau unaliacha. Tena ukipandisha dau hapo unaharibu zaidi, kwa kuwa kila mbofyo unakuwa ghali na bajeti ileile inakwisha mapema zaidi.

Sasa ikiwa ni yeye kweli, nitaona nini?

"Impression share" yako inakaa palepale, yake inapanda, na "Overlap rate" inapanda nayo. Kama ameongeza bajeti peke yake, "Position above rate" haitikisiki sana, kwa sababu anaonekana mara nyingi zaidi kwa nguvu ileile. Kama ameongeza dau au ametengeneza matangazo bora, ndipo "Position above rate" nayo inapanda.

"Position above rate" imepanda. Nitajuaje kama ni mshindani amepanda au mimi nimeshuka?

Usimwangalie mmoja. Waangalie wote.

Tuseme una washindani watatu wa kudumu. Wiki iliyopita walikuwa juu yako kwa asilimia 40, 35 na 22. Wiki hii ni 58, 34 na 23. Hapo hakuna ubishi: yule wa kwanza amesogea, wengine wawili wamekaa. Lakini zikiwa 52, 49 na 37, ni vigumu kuamini kwamba watu watatu wasiojuana waliamka siku moja wakapandisha madau kwa kiasi kinachofanana. Uwezekano mkubwa ni wewe umeshuka, na kila mmoja anakuona umeshuka.

Hili limenipata. Niliona washindani wote wamepanda kwa pamoja, nikatumia asubuhi nzima kusoma matangazo yao nikitafuta walichobadilisha. Mchana ndipo nikafungua "Change history" ya akaunti na kukuta mkono wangu mwenyewe: siku sita nyuma nilipandisha lengo la mapato kwa matumizi kutoka asilimia 400 hadi 550. Mfumo wa dau otomatiki ukatii, ukapunguza madau ili kufikia lengo, na tangazo likashuka kwa kila mtu. Tangu hapo "Change history" ndiyo ninayoifungua kwanza, kabla ya ripoti yenyewe.

Kuna hali moja inayofanana na hiyo na si kosa lako: msimu. Wakati wa mauzo makubwa watangazaji wengi hupandisha madau kwa pamoja kweli. Kinachosaidia kutofautisha ni bei ya wastani ya mbofyo. Madau yako yakishuka, bei hiyo kwa kawaida hushuka nayo au hubaki. Soko zima likipanda, unakuta unalipa zaidi na bado umekaa chini.

Mshindani mmoja yuko juu yangu kwa asilimia 70. Nimpiganie?

Kabla ya kumpigania, angalia mnakutana mara ngapi. Zidisha mara ulizoonekana kwa "Overlap rate", kisha kwa "Position above rate". Ukionekana mara 400 na "Overlap rate" yake ni asilimia 11, mmekutana mara 44. Asilimia 70 ya hizo ni mara 31. Mara thelathini na moja kati ya mia nne. Yule mwingine ambaye yuko juu yako kwa asilimia 35 tu, lakini "Overlap rate" yake ni 60, amekaa juu yako mara 84. Huyo ndiye anayekugusa, ingawa hana duara jekundu kwenye picha uliyonitumia.

Kumbuka pia kwamba mara 44 ni chache. Wiki ijayo, bila yeyote kubadilisha chochote, 70 inaweza kusomeka 58. Sifanyi uamuzi kwa mstari wenye mikutano michache hivyo. Narefusha kipindi hadi namba itulie.

Kwa nini "Outranking share" yangu haipandi hata baada ya kumpita?

Kwa sababu ina dari, na dari hiyo ni "Impression share" yako. Kama umeonekana katika asilimia 40 ya minada uliyostahili, huwezi kumshinda mtu katika zaidi ya asilimia 40, hata ukikaa juu yake kila mnapokutana. Namba hizi zinafungamana hivi:

```
Outranking share = Impression share × (1 − Overlap rate × Position above rate)
```

Weka wiki ya pili ya mfano wetu: 0.40 × (1 − 0.65 × 0.40) ni 0.296, yaani ile asilimia 30 ya jedwali. Kwenye ripoti halisi jibu linaweza kupishana kidogo kwa sababu ya makadirio, lakini halitakuwa mbali.

Faida ya kanuni hii ni kukuonyesha mkono upi unafaa kuvutwa. Katika wiki ya pili, hata ungefuta kabisa "Position above rate" ukawa juu yake siku zote, ungetoka 30 hadi 40 tu na kugonga dari. Kurudisha "Impression share" iwe 60, huku mengine yakirudi yalivyokuwa, kunakupeleka 48.

Zamani Google Ads ilikuwa na mkakati wa dau uliolenga kumpita mshindani uliyemtaja, uliitwa "Target outranking share". Uliondolewa, na mahali pake tukaelekezwa "Target impression share". Sikuusikitikia. Niliona kampeni zikichoma bajeti kwa ajili ya kumkalia juu mtu ambaye wala hakuwa akiuza kitu kilekile.

Niliongeza maneno mapya ya utafutaji na "Overlap rate" ya washindani wote ikaanguka. Wameondoka?

Hawajaenda popote. Umeongeza minada ambayo hawamo.

Kampeni iliyokuwa ikionekana mara 6,000 na kukutana na mshindani mara 3,000 ina "Overlap rate" ya 50. Ukiongeza maneno mapana yanayoleta mara nyingine 4,000, ambamo mnakutana mara 200 tu, jumla inakuwa mikutano 3,200 katika mara 10,000. Ripoti inasoma 32. Kwenye maneno ya zamani, yale yanayokuletea wateja, vita ni ileile.

Ndiyo maana silinganishi vipindi viwili kabla ya kuhakikisha kampeni haikubadilika umbo kati yake: maneno, aina ya ulinganishaji, maeneo, ratiba. Ikiwa imebadilika, nachagua kwa tiki maneno yaliyokuwepo vipindi vyote viwili na kufungua ripoti kwa hayo peke yake. Kwa sababu hiyohiyo, maneno yenye jina la biashara yako yasichanganywe na maneno ya jumla. Kwenye jina lako mwenyewe mshindani mwenye "Overlap rate" ya 15 ni habari. Kwenye maneno ya jumla namba hiyo hainisumbui.

Jina limetoweka kwenye orodha. Je, amesitisha matangazo?

Huwezi kusema hivyo kwa ripoti hii peke yake. Mshindani anaweza kutoka kwenye minada yako na kuendelea kwingine, au mmekutana mara chache mno kiasi kwamba hakuonyeshwa. "Impression share" ikiwa ndogo, skrini huandika "< 10%" bila kutaja namba yenyewe. Na ukichagua neno lenye utafutaji mdogo au siku moja pekee, ripoti nzima inaweza kukosekana, kwa kuwa kuna kiwango cha chini cha shughuli kinachohitajika. Rudi kwenye ngazi ya kampeni au panua tarehe kabla ya kusherehekea.

Nitaona maneno anayotumia au dau lake?

Hapana, vyote viwili. Hata kuonekana kwenye orodha yako hakumaanishi amenunua neno ulilonunua wewe, wala kwamba mipangilio yenu inafanana. Inamaanisha mmeingia mnada mmoja, basi. Wakati mwingine jina geni ni la mtu anayeuza bidhaa zako mwenyewe kwa niaba, na hilo linamalizwa kwa simu, bila kugusa dau.

"Top of page rate" inatofautianaje na "Position above rate"?

"Top of page rate" inasema tangazo lilikaa mara ngapi kwenye sehemu ya juu ya matokeo, na "Abs. Top of page rate" inasema mara ngapi lilikuwa la kwanza kabisa. Zote mbili zinahesabiwa kwa mara ambazo tangazo la mhusika lilionekana. Usizifanye kuwa mbadala wa ile nafasi ya wastani tuliyoizoea, ambayo Google iliiondoa mwaka 2019. Mshindani mwenye "Impression share" ya 12 na "Top of page rate" ya 95 hajakushinda kwa jumla. Anachagua minada michache na anaipigania kwa nguvu.

Hiyo 95 yake na 70 yako pia hazilinganishwi moja kwa moja, kwa kuwa yake imetoka kwenye kurasa nyingi ambazo wewe hukuwepo. Ukitaka kujua nani alikuwa juu ya nani mlipokuwa pamoja, safu ni moja tu: "Position above rate".

Niifungue kila siku?

Mimi huifungua mara moja kwa wiki, nikigawa kwa wiki na kuangalia wiki nane hivi kwa pamoja, kisha nagawa kwa kifaa. Kifaa kimeniokoa zaidi ya mara moja: mshindani anaonekana amesogea kwa jumla, kumbe kwenye kompyuta yuko palepale na kwenye simu ndiko alikovamia. Namba za siku moja moja naziangalia pale tu ninapotafuta tarehe ambayo mabadiliko yalianza, ili niilinganishe na "Change history".